Dakika Moja Si Slaidi Thelathini Zilizokondeshwa

Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa, lakini naona siku hizi sisi wanafunzi tumeamua kuuvunja kwa nguvu. Nenda katika mashindano yoyote ya mawazo ya biashara, utamwona kijana mwenye wazo zuri kabisa amepewa dakika moja aseme jambo lake. Badala ya kulisema, anakimbia kama matatu inayochelewa stejini. Anataja soko, teknolojia, washindani, makadirio ya miaka mitano na vyeo vya wenzake. Kengele inalia, na waamuzi wanatazamana: hivi huyu anauza nini hasa?

Msinielewe vibaya, sisemi kijana huyo ni mjinga. La hasha! Amefanya alivyoambiwa, na nadhani alichoambiwa ndicho chenye kasoro. Aliambiwa achukue slaidi zake zote azifupishe. Maoni yangu, nayo nitayatetea hapa, ni kwamba dakika moja ya mdomo si muhtasari wa slaidi. Ni kitu kingine kabisa chenye kazi yake, na mtu akitaka kukipata lazima aziache slaidi nyingi nyumbani.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mtu mwenye kampuni changa anapotafuta mtaji huandaa slaidi za kumwonyesha mwekezaji: tatizo ni lipi, dawa yake ni ipi, soko ni kubwa kiasi gani, pesa zitaingia vipi, washindani ni nani, wenye kampuni ni akina nani, na wanaomba kiasi gani. Wengine hufika slaidi ishirini au thelathini. Halafu kuna maneno ya lifti. Yaitwa hivyo kwa sababu unajifanya umeingia kwenye lifti ya jumba refu, ukamkuta humo mwekezaji, na una muda wa ghorofa chache tu kabla mlango haujafunguka. Waweza kuyaita maneno ya foleni ya benki ukipenda, kwa sababu lifti kwetu huku si nyingi.

Sasa nitoe mfano wa kweli, nisije nikaambiwa napiga porojo. Airbnb ni kampuni ya Marekani ambayo mtu huitumia kukodisha chumba au nyumba ya mtu badala ya kulala hotelini. Hapo mwanzo iliitwa AirBed & Breakfast, yaani godoro la kujaza hewa na kifungua kinywa. Slaidi ambazo waanzilishi wake walizitumia kutafuta mtaji kati ya mwaka 2008 na 2009 zilisambaa baadaye, na watu wengi wamezisoma. Ni slaidi zaidi ya kumi tu, tena zenye maneno machache, na watu huzisifu kwa ufupi. Lakini hata hizo, ukijaribu kuzisoma zote kwa sauti ndani ya dakika moja, utaishiwa na pumzi.

Zinasema nini? Kwamba wasafiri hujali bei, kwamba hoteli humtenga mgeni na maisha ya mji, na kwamba hakuna njia rahisi ya kukodi chumba kwa mwenyeji. Kisha dawa: tovuti ya kuwakutanisha. Kisha ushahidi kwamba watu wanalitaka jambo hilo: zaidi ya watu 600,000 walikuwa wamejiandikisha Couchsurfing, mtandao ambao watu walilala nyumbani kwa wasiowajua bila kulipa. Kisha soko: safari karibu bilioni mbili duniani, na ndani yake zaidi ya milioni 500 za bei nafuu zinazopangwa mtandaoni. Kisha pesa: kampuni inachukua asilimia 10 ya kila malipo. Kuna washindani, kuna wenye kampuni, kuna maneno ya wateja. Mwisho ni ombi: dola 500,000 za kuiendesha kampuni miezi 12 mpaka ifikishe safari 80,000, kila moja ikiiletea kampuni wastani wa dola 25. Zidisha mwenyewe upate dola milioni mbili.

Hebu tuzikondeshe kama tunavyofundishwa, kipande kimoja kutoka kila slaidi: "Kampuni yetu ni jukwaa la mtandaoni katika sekta ya utalii, sekta yenye safari bilioni mbili kila mwaka, ambazo kati yake milioni mia tano na zaidi ni za bei nafuu na hupangwa mtandaoni, nasi tunalenga kupata sehemu ya soko hilo kwa kutoza asilimia kumi, tukiwa na uwezo wa kushindana kutokana na bei, urahisi na kuwa wa kwanza..." Wacha nikomee hapo. Sekunde ishirini na zaidi zimekwenda, na hakuna mahali popote ambapo msikilizaji ameona kitanda. Amesikia jukwaa, amesikia sekta. Akiulizwa na mkewe jioni, "Leo ulikutana na nani?" atajibu, "Vijana fulani wa mambo ya utalii." Basi, mchezo umekwisha.

Shida iko wapi? Iko machoni na masikioni. Slaidi husomwa kwa jicho, nalo jicho laweza kurudi nyuma. Ukikosa kuelewa namba, unaitazama tena. Sikio halirudi nyuma. Neno likishapita limepita kama maji ya mto. Tena namba iliyo nyepesi kwenye karatasi ni mzigo mdomoni, na katika Kiswahili mzigo huo ni mzito zaidi. Andika 532,000,000 uone ilivyo nadhifu. Sasa itamke: milioni mia tano thelathini na mbili. Umetumia maneno sita na sekunde mbili hivi, na msikilizaji amebaki na "milioni" tu kichwani. Nilijipima kwa saa ya ukutani darasani. Nikisoma Kiswahili kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake, bila kukimbia, nafikisha maneno kama 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, yamebeba nafsi na wakati na mtendwa ndani yake. Kwa hiyo anayekwambia andika maneno mia moja hamsini amechukua hesabu ya Kiingereza, na ukimfuata utalazimika kukimbia. Weka 110 kichwani, kisha ununue kila namba kama unavyonunua sukari ukiwa na shilingi kumi.

Sasa tuanze kuchemsha. Watu wengi huanzia slaidi ya kwanza. Mimi naona tuanzie mwisho, tujiulize: mlango wa lifti ukifunguka, ninataka mtu huyu afanye nini? Hakuna mtu atakayekupa dola laki tano kwenye lifti. Unachoweza kupata ni miadi, na huko kwenye miadi ndiko slaidi zote zitakakofunguliwa. Ukishajua kwamba bidhaa unayouza kwa dakika hii ni miadi, utaona slaidi nyingi zinajiondoa zenyewe. Je, mtu anahitaji kuwajua washindani wote ndipo akubali kukutana nawe? Hapana. Je, anahitaji makadirio ya miaka mitatu? Hapana. Anahitaji kukielewa kitu chenyewe, aamini kwamba si ndoto ya mchana, ajue pesa zinaingilia mlango gani, na asikie unataka nini kwake. Mambo manne tu.

Nimejaribu kuwaandikia vijana wale wa Airbnb dakika yao kwa Kiswahili, kana kwamba tuko mwanzo wa mwaka 2009. Namba nimeziandika kwa maneno makusudi, kwa sababu hivyo ndivyo mdomo unavyozilipa.

"Mtu akisafiri kwenda mji mgeni, hoteli humla pesa, na wakati wa mkutano mkubwa hoteli hujaa kabisa. Wakati huohuo, mjini humo kuna wenyeji wenye chumba kitupu. Sisi tuna tovuti inayowakutanisha: msafiri anakodisha chumba kwa mwenyeji badala ya hoteli. Mwenyeji anapata kodi, nasi tunachukua asilimia kumi. Tulianza elfu mbili na saba, San Francisco, kwa magodoro matatu ya kujaza hewa sebuleni mwetu. Wageni watatu walilipa dola themanini kwa usiku. Kwamba watu watakubali kulala kwa wasiowajua si ndoto: zaidi ya watu laki sita tayari wamejiandikisha Couchsurfing, na huko hakuna hata malipo. Tunatafuta dola laki tano za kutuendesha mwaka mmoja. Tunatarajia kufikisha safari elfu themanini. Je, unaweza kutupa dakika ishirini wiki ijayo tukuonyeshe tovuti inavyofanya kazi?"

Hesabu mwenyewe, ni maneno 110 na moja juu. Tazama kwanza kilichoachwa. Ile slaidi ya soko, safari bilioni mbili, haipo. Najua kuna watakaonikemea kwa hilo, maana wawekezaji hupenda soko kubwa. Lakini hebu fikiri: bilioni mbili ni safari za watu wote duniani, si za wateja wa vijana hawa. Kila kampuni ya usafiri yaweza kuitaja namba hiyohiyo. Watu laki sita wa Couchsurfing ni wachache mno kuliko bilioni mbili, lakini ni watu waliokwisha kufanya jambo lenyewe ambalo msikilizaji analitilia shaka. Namba ndogo inayojibu shaka yake ina nguvu kuliko kubwa isiyojibu kitu. Nimetumia kanuni hiyo kila mahali: kwenye slaidi kuna namba nyingi, nikabakiza tu zile ambazo zikitolewa, sentensi inaanguka.

Tazama pia kilichoingia na ambacho hakikuwa nguzo ya slaidi: magodoro matatu ya sebuleni. Ni hadithi ya kweli. Mwezi wa Oktoba 2007 Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa na shida ya kodi ya nyumba, kukawa na mkutano wa wabunifu mjini San Francisco na hoteli zikajaa, wakawalaza wageni watatu kwa malipo. Godoro ni kitu ambacho sikio linakiona. Ukisema "jukwaa", kila mtu anachora picha yake. Ukisema godoro la kujaza hewa sebuleni, sote tumeona godoro moja.

Na wakati mwingine ushahidi wenye nguvu kabisa haumo katika slaidi hata moja. Mwaka 2008, wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Denver na uchaguzi wa urais, vijana hawa walikuwa wameishiwa. Wakatengeneza maboksi ya nafaka ya kifungua kinywa yenye majina ya wagombea, wakayauza dola 40 kila boksi, wakapata kama dola 30,000. Mwishoni mwa mwaka huo walihojiwa na Paul Graham wa Y Combinator, shirika linalokuza kampuni changa. Yeye hakulipenda sana wazo la watu kulala kwa wasiowajua. Walipomtolea boksi la nafaka na kumsimulia walivyoliuza, ndipo alipowaona ni watu wasiokufa kirahisi, akawakubali. Nani angeweka boksi la nafaka kwenye slaidi za kampuni ya vyumba? Ndiyo sababu nasema ukichemsha slaidi peke yake waweza kukosa kitoweo chenyewe, kwa sababu hakikuwa sufuriani.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi ya yote. Mtu anapofupisha, je, ni maneno gani hukatwa kwanza? Ni yale madogo: tunatarajia, huenda, kama mambo yakienda vizuri, kwa makadirio yetu. Yanaonekana hayana kazi, basi yanatupwa ili kupata nafasi. Slaidi ilisema kwamba kampuni inatarajia safari 80,000 ndani ya miezi 12. Kata neno moja, useme "tuna safari elfu themanini", na umeshasema uongo bila kukusudia. Na aliye kwenye lifti akikubali miadi, siku ya miadi atafungua slaidi na kuliona lile neno ulilolimeza. Hapo hata ukiwa na wazo la dhahabu, umekwisha. Katika dakika yangu hapo juu neno "tunatarajia" limegharimu sekunde moja, na sikubali kuliuza. Nikibanwa na muda, afadhali niitoe namba yote ya elfu themanini kuliko kulitoa neno linaloilinda. Mpendwa msomaji, ukitaka kumpima mtu aliyefupisha vibaya, mpe kalamu nyekundu apigie mstari kila jambo ambalo tayari limetokea, na bluu kwa kila jambo analolitumaini. Kama hana hakika apige rangi gani, dakika yake haijaiva.

Utajuaje imeiva? Usimuulize rafiki yako kama ni nzuri. Rafiki atasema nzuri, si unajua marafiki. Mtafute mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako, msomee mara moja tu, kisha nyamaza na usikilize swali lake la kwanza. Akiuliza, "Kwa hivyo nyinyi mnafanya nini?" rudi ukaandike upya. Akiuliza, "Mnapata pesa vipi?" basi kitu ameelewa ila sentensi ya malipo ilimpita. Nilimsomea mama dakika ya Airbnb akiwa anachambua sukuma wiki jikoni. Akainua kichwa, akaniuliza, "Na huyo mgeni akiniibia usiku?" Nikajua imefika. Hilo ndilo swali la mtu ambaye tayari amejiona ndani ya jambo, ameshampangia mgeni chumba na sasa anafikiria kufuli.

Mtu aweza kusema, basi tulijibu swali hilo la wizi humohumo ndani ya dakika. Mimi nasema tusilijibu. Ukianza kueleza namna ya kuhakikisha mgeni ni nani na jinsi wenyeji na wageni wanavyoandikiana sifa, utakula sekunde ishirini, na utakuwa umemfundisha mtu hofu ambayo pengine hakuwa nayo. Liache wazi, lakini jibu lake uwe nalo mfukoni, sentensi mbili, kwa sababu litaulizwa. Swali lililobaki ndilo linalomfanya mtu akupe miadi.

Nisidanganye kwamba dakika nzuri hufungua kila mlango. Mwezi wa Juni 2008 vijana hawa walitambulishwa kwa wawekezaji saba, wakitafuta dola 150,000 kwa kampuni iliyothaminiwa dola milioni moja na nusu. Watano walikataa kwa barua na wawili hawakujibu kabisa. Chesky mwenyewe alizitoa barua hizo hadharani mwaka 2015. Ukizisoma utaona baadhi yao walisema mambo ya usafiri si shughuli yao, au soko lilionekana dogo kwa mifuko yao. Mtu wa namna hiyo hata ukimwimbia taarab hageuki, kwa sababu pesa anazozisimamia zimepangiwa kazi nyingine. Mwaka 2009 kampuni ya Sequoia iliwapa mtaji, na Desemba 2020 Airbnb ikaanza kuuza hisa zake kwa umma.

Hapo ndipo mimi na mwalimu wetu wa masomo ya biashara tunapotofautiana, na tumebishana mpaka wenzetu wakachoka. Yeye asema usitaje kamwe kiasi unachoomba ndani ya dakika, kwani kitamtisha mtu kabla hajapenda wazo lako. Namheshimu, lakini nazifikiria zile barua tano. Ukisema "dola laki tano za mwaka mmoja", anayetoa milioni kumi kwa mkupuo atajua hapohapo kwamba wewe ni mdogo kwake, na mwenye elfu ishirini atajua hawezi peke yake. Wote wawili wanaweza kukwambia, "Nenda kamwone fulani." Usipotaja, watakupa miadi ya adabu, utapanda matatu mbili na kulipa nauli, uketi saa nzima ukipindua slaidi, halafu mwishoni uambiwe kile ambacho sekunde tatu zingekuonyesha ukiwa bado kwenye lifti. Mwalimu amesema atanijibu katika toleo lijalo.